Mtoto Anapoitwa "Mzungu Maskini": Jibu Linaloandaliwa Nyumbani

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kila mahali pana neno la kumtupia mtoto ambaye ukoo wake haufanani na wa wenzake. Nyeri mjini au Karatina, mtoto ambaye baba yake ametoka Nyanza au Magharibi huweza kuitwa nduriri hata kama Kikuyu ndiyo lugha aliyonyonya nayo. Mtoto wa Kisomali huitwa waria, na kuna wanaothubutu kumwita Al-Shabaab. Nanyuki, neno linalouma zaidi ni "mzungu maskini".

Kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza, BATUK, kina kambi Nanyuki, na wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakija kufanya mazoezi katika eneo hilo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Wenyeji huwaita Majoni. Baadhi yao wamezaa na wanawake wa Nanyuki, wa Dol Dol na wa vijiji vya jirani, kisha wakarudi kwao. Watoto waliobaki wanajulikana kwa ngozi na nywele zao kabla hawajafungua kinywa. Shuleni wanaitwa mzungu maskini, pointi, au mtoto wa Joni. Wanaosema hivyo wanamkejeli mtoto kwa mambo matatu kwa pamoja: rangi yake, baba ambaye hayupo, na mama yake, ambaye watu wanadhani wanajua alivyoishi. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa "wapuuze tu" haumfikishi mbali.

Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi mtoto huyo anavyoweza kujibu bila kupigana, bila kulia mbele yao, na bila kukaa kimya akiumia. Mengi yanahusu kazi inayofanywa nyumbani jioni, wakati wachokozi hawapo. Tuchukue mfano wa msichana wa gredi ya sita anayeishi na shosho yake mtaa wa Likii, mama yake akifanya kazi Nairobi. Si mtoto mmoja ninayemjua. Ni mfano wa kufafanulia tu, lakini mambo yanayompata ni ya kweli kwa watoto wengi.

Jambo la kwanza ni kwamba mtoto hawezi kutulia mbele ya swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Msichana wetu akiulizwa kwenye foleni ya maji, "Baba yako ako wapi?", moyo unamwenda mbio kwa sababu hata yeye hajui. Nyumbani akiuliza, shosho hubadilisha mazungumzo. Mwaka mmoja aliambiwa baba amesafiri, mwaka mwingine akasikia shangazi akisema baba alikufa. Kwa hiyo mchokozi anapolitaja jambo hilo, anagusa mahali ambapo watu wazima wenyewe wameogopa kugusa, na mtoto anahitimisha kwamba lazima liwe jambo la aibu kubwa.

Mwambieni ukweli kabla hamjamfundisha neno lolote la kujibu. Mtoto wa miaka 11 au 12 hahitaji kila kitu. Anahitaji maelezo mafupi ambayo hayatabadilika mwaka ujao, na anayahitaji kutoka kwa mtu anayempenda. Shosho anaweza kumwambia hivi: "Mami, baba yako alikuwa mwanajeshi kutoka Uingereza. Alikuja hapa kwa mazoezi, akakutana na mama yako, ukazaliwa wewe. Akarudi kwao, na hatujui alipo. Hilo si kosa lako wala si kosa la mama yako. Ukitaka kuniuliza jambo, niulize mimi." Kama jina la baba linajulikana, litajwe. Kama halijulikani, semeni halijulikani. Hadithi ya kubuni, kwamba baba atarudi na gari au kwamba ni mkubwa wa jeshi, mtoto ataibeba hadi shuleni na kuitumia kujitetea, na siku itakapobomoka atachekwa mara mbili.

Mwelezeni pia anavyosimama kisheria, kwa maneno mepesi, kwa sababu tusi hili mara nyingi huandamana na "rudi kwenu". Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia wa Kenya. Inatosha mmoja wao. Mama yake msichana huyu ni Mkenya, basi naye ni Mkenya kwa kuzaliwa, sawasawa na mwenzake wa dawati. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na kati ya mambo yanayotajwa humo ni rangi, kuzaliwa, na asili ya mtu kikabila au kijamii. Sitarajii mtoto azikariri ibara hizi uwanjani. Akizijua, hata hivyo, neno "kwenu" halimtikisi tena.

Kuna karatasi moja ambayo familia nyingi huisahau. Shule huomba cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya usajili wa mwanafunzi, na gredi ya sita ndipo usajili wa mtihani wa KPSEA hufanyika. Kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa alama za X mahali pa jina la baba. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomzuia mama kuandikisha jina la baba bila ridhaa ya baba huyo kilikiuka Katiba, lakini vyeti vya zamani bado vina alama hizo. Vyeti vikikusanywa darasani na kiranja akavipitia, siri ya nyumba moja inakuwa gumzo la darasa zima. Kitieni cheti kwenye bahasha, mtu mzima akikabidhi kwa mwalimu mkononi. Ndivyo ilivyo pia kwa zoezi la kuchora familia katika somo la jamii: mwombeni mwalimu mapema amruhusu mtoto kuchora watu anaoishi nao.

Baada ya hapo ndipo mtoto apewe la kusema. Jibu zuri ni fupi, halina tusi, haliulizi swali, na halitoi habari yoyote mpya ya nyumbani. Msichana wetu na shosho wanachagua matatu. Akiitwa mzungu maskini, anasema: "Jina langu unalijua. Niite hilo." Akiulizwa baba yuko wapi: "Hayo ni ya nyumbani kwetu." Akiambiwa arudi Uingereza: "Kwetu ni hapa." Basi. Akitukanwa kwa Kikuyu, ajibu kwa Kikuyu. Watoto wengi wa Nanyuki wanazungumza Kiswahili na Kikuyu, na kujibu kwa lugha ileile kunaonyesha kwamba hakuna aliyemshtukiza.

Msichana asieleze zaidi ya hapo. Akianza kufafanua kwamba mama yake alipendwa, kwamba baba huenda akarudi, kwamba yeye si maskini kwa kuwa wana televisheni, kila sentensi inakuwa kamba mpya ya kumvutia. Kukana, kwa kusema "mimi si pointi", kunaliweka neno hilo kinywani mwake mwenyewe. Kurudisha tusi la kabila ndilo kosa linalowagharimu watoto wengi zaidi. Mtoto aliyeitwa mzungu maskini akajibu kwa kumtukania mwenzake kabila au tohara, anapofika mbele ya mwalimu wa zamu wanahesabiwa kuwa wakosaji wawili, na malalamiko yake ya miezi yote yanafutika hapo. Kuna wanaoshauri mtoto ajifanye anacheka pamoja nao. Mimi sikubaliani nao kwa matusi ya namna hii. Mzaha unaweza kusaidia mtoto anayetaniwa kwa viatu au kwa kuchelewa. Akicheka mama yake anapotukanwa, wenzake wanaelewa kwamba ametoa ruhusa, na yeye anarudi nyumbani akijichukia.

Maneno hayo matatu yafanyieni mazoezi kwa sauti, mkiwa mmesimama. Tusi linaposikika, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia: pumzi inakuwa fupi, sauti inapanda, machozi yanakaribia. Mtoto akiwa na jibu kichwani tu, halitatoka, au litatoka kwa kupiga kelele. Shosho aketi kwenye kiti, acheze nafasi ya mchokozi, aliseme neno lenyewe. Najua ni vigumu kwa mzazi kulitamka, lakini ni afadhali mtoto alizoee akiwa jikoni kwao kuliko likimkuta uwanjani. Mtoto anasimama miguu yote miwili chini, anavuta pumzi kwa hesabu ya tatu, anaitoa taratibu kwa hesabu ya tano, kisha anasema. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Kama kumtazama mchokozi machoni kunamtetemesha, amtazame kwenye paji la uso. Mwenzake hataona tofauti. Akishasema, asisubiri jibu. Aondoke akielekea kwa watu: kwa rafiki, kwa dawati lake, kwa mwalimu wa zamu. Asiende nyuma ya vyoo au upande wa ua ulio mtupu, kwa sababu huko ndiko anakoweza kufuatwa. Dakika tano kila jioni kwa wiki moja zinatosha kulifanya jibu litoke bila kutafutwa.

Sasa tumfuate hadi shuleni. Jumatatu, mapumziko ya saa nne, yuko kwenye mfereji na chupa yake. Mvulana wa darasa lao anasema, "Mzungu maskini, mwambie babako atuletee pauni." Wanne wanacheka. Anapumua, anasema, "Jina langu unalijua. Niite hilo," anafunga chupa, anaenda kukaa na rafiki yake. Mkono unamtetemeka, na hilo si tatizo, maana hakuna aliyeuona. Jumanne mvulana yule anarudia mara tatu, kwa sauti kubwa zaidi, na anaongeza neno kuhusu mama. Jumatano wengine wawili wanaungana naye.

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa na kusema njia haifanyi kazi. Mchokozi alikuwa akipata kitu kila siku: machozi, kufukuzwa, ghadhabu, kicheko cha wenzake. Kinapokosekana, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza nguvu kuona kama kitarudi. Kwa hiyo ongezeko la siku za mwanzo linatarajiwa, na mtoto aambiwe kabla halijatokea. Akilia siku ya nne baada ya kutulia siku tatu, mchokozi amejifunza kwamba inabidi kuchokoza kwa siku nne, na ijayo atadumu zaidi. Hiyo haina maana kwamba mtoto amekosea kulia. Ina maana kwamba siku hiyo alihitaji mtu mzima mapema kuliko tulivyodhani.

Tazameni dalili mbili kujua kama mambo yanakwenda vizuri. Ya kwanza ni idadi ya wanaocheka. Wakipungua, mchokozi anaishiwa nguvu hata kama yeye mwenyewe hajaacha. Ya pili ni mtoto mwenyewe: anakula chakula cha mchana, analala, anataka kwenda shule asubuhi. Kama jibu linatoka vizuri lakini tumbo linamuuma kila Jumapili jioni, anatulia kwa nje tu, na isichukuliwe kwamba amezoea.

Rafiki aliyekaa karibu na mfereji ana uzito kuliko watu wazima wengi wanavyofikiri. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, walirekodi kwa video watoto wakiwa kwenye viwanja vya shule za Toronto, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona: wenzao walipoingilia kati, katika zaidi ya nusu ya matukio uchokozi ulikoma ndani ya sekunde 10. Tatizo ni kwamba waliingilia mara chache tu. Kwa hiyo mfundisheni mtoto kumwomba rafiki mmoja, faraghani, jambo dogo ambalo halitamtia hatarini. Rafiki hatakiwi kumgombeza mchokozi. Anatakiwa kusema tu, "Twende, kengele inakaribia," na kumshika mkono. Kicheko kinavunjika, na msichana haondoki peke yake.

Kama kati ya wanaocheka yumo aliyekuwa rafiki yake, huyo anazungumziwa kwa namna nyingine. Amtafute wakiwa wawili, njiani au darasani kabla ya wengine kufika, amwambie, "Ukicheka wanaponiita vile, naumia. Nakuomba uache." Maneno haya hufanya kazi kwa mtoto mwenye moyo wa kujali ambaye amefuata mkumbo. Yasisemwe kwa kiongozi wa kundi mbele ya kundi lake; huyo anachotafuta ndicho hicho, kusikia kwamba unaumia.

Wakati huohuo daftari linaandikwa. Kila tukio mstari mmoja au miwili, siku ileile, bila kuongeza chumvi. Kwa mfano: "Jumatano, mapumziko ya saa nne, kwenye mfereji. Amesema 'mzungu maskini' mara mbili na amemtukana mama. Walikuwepo watatu, na mwalimu wa zamu alikuwa mbali. Nilimwambia aniite jina langu, nikaenda darasani." Neno lenyewe liandikwe lilivyosemwa. Mwalimu akisikia "wananisumbua", anafikiria utani wa watoto. Akisoma mistari minane yenye tarehe, mahali na maneno yaleyale, anaona jambo linalorudiwa, na anaona pia kwamba mtoto hakujibu kwa tusi.

Ikiwa tusi limeendelea baada ya wiki mbili hivi, au mapema zaidi likigusa mama, shosho aende kwa mwalimu wa darasa. Asiende wakati wa kupeleka watoto asubuhi, mwalimu akiwa mlangoni na wanafunzi arobaini. Aombe muda baada ya masomo, na aingie na ombi mahususi. Shosho wetu anasema: "Mwalimu, nimekuja unisaidie. Mjukuu wangu anaitwa hivi, na haya ndiyo ameandika. Naomba wasiketi karibu. Naomba umwite yule kijana peke yake na uzungumze na mzazi wake. Na naomba nirudi Ijumaa ijayo tuone imefika wapi." Ijumaa hiyo ndiyo inayoleta tofauti, kwani ahadi isiyo na siku husahaulika.

Kuna suluhisho tatu ambazo walimu huzikimbilia kwa nia njema na ambazo huharibu. Moja ni kutangaza kwenye paredi kwamba hakuna ruhusa ya kumwita fulani mzungu maskini. Watoto wa gredi ya kwanza ambao hawakulijua neno sasa wanalijua, pamoja na mwenye nalo. Nyingine ni kuwasimamisha wote wawili wapeane mikono na kuombana msamaha, ilhali mmoja hana la kuombea msamaha. Ya tatu ni kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia, na sheria hiyo inamlinda mchokozi kama inavyomlinda anayechokozwa. Zaidi ya hayo, mvulana aliyechapwa saa tano anajua msichana atapita njia gani saa kumi. Shosho akiona mojawapo inakaribia, aseme kwa heshima kwamba anaomba jambo lifanyike kimyakimya.

Mwalimu wa darasa asipofanya lolote, nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kisha kwa mwalimu mkuu ukiwa na barua na nakala yake, na uombe nakala hiyo igongwe muhuri. Juu yake kuna bodi ya usimamizi ya shule na afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ikiwa anayetumia neno hilo ni mwalimu, na hutokea, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu juu ya walimu. Baadhi ya wazazi huuliza kuhusu Tume ya Uwiano na Utangamano, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 2008 inagusa chuki za kikabila na za rangi. Kwa mtoto wa gredi ya sita aliyemtukana mwenzake, nadhani huko si pa kukimbilia. Kwa mtu mzima anayewachochea watoto wengi, ni mahali pa kwenda.

Kuna hali ambazo majibu yale matatu hayatumiki hata kidogo. Mtu akimvuta nywele, akimgusa mwili, akimdai pesa, akimtishia, au akimwambia kwamba naye atakuwa kama mama yake na wanaume, msichana asisimame kujibu. Apige kelele, aende kwa mtu mzima aliye karibu zaidi, na nyumbani waambiwe siku hiyohiyo. Wasichana wenye ngozi nyeupe Nanyuki husemeshwa maneno machafu na wanaume wazima barabarani tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo swali la "nani alikusemesha njiani?" liulizwe mara kwa mara, kwa upole. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bure, mchana na usiku, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo nayo hupokea malalamiko. Mtoto anayesema hataki kuishi tena apelekwe hospitali siku hiyo, hata kama baadaye anasema alikuwa anatania.

Januari msichana wetu ataingia gredi ya saba. Mara nyingi ni katika uwanja uleule, lakini walimu ni wapya na huenda wamejiunga wanafunzi kutoka shule nyingine, na neno litajaribiwa upya na watu ambao hawajawahi kumsikia akilijibu. Shosho asisubiri. Wiki ya kwanza aende na daftari lile amwone mwalimu mpya wa darasa, na jioni hizo za mwanzo wasimame tena jikoni, shosho akiwa kwenye kiti, wayarudie majibu yote matatu.